Mama mkwe anataka bata mzinga ajazwe pilau usiku, nami naogopa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mkamwana, naishi Chumbageni, Tanga. Jumapili ijayo wakwe wapya wa wifi yangu wanakuja kwetu kwa chakula cha mchana saa saba, watu wazima 12. Shemeji yangu aliye Dar ameahidi kuleta bata mzinga mzima wa friza, kilo 6 na nusu, na atafika naye Alhamisi jioni. Sijawahi kumpika ndege huyo. Nina jiko la gesi lenye oveni, na friji ya kawaida.

Mama mkwe ameshapanga. Anataka Jumamosi usiku tumjaze tumboni pilau lenye mayai na maini, kama anavyowajaza kuku, tumpake viungo, alale mezani akolee, kisha alfajiri tumchome nusu, tumpumzishe, na wageni wakikaribia tumalizie. Anasema amejaza kuku miaka yote na hakuna aliyeumwa tumbo. Nilipomwambia nimesikia si salama alinyamaza, baadaye akamwambia mume wangu kwamba siku hizi namfundisha kupika. Mume wangu anasema nimwache mama afanye anavyojua.

Nikikubali naogopa kuwaumiza wageni. Nikikataa nitaonekana sina adabu. Na hata nikiachiwa jiko, sijui huyu ndege atayeyuka lini wala nitajuaje kwamba ameiva. Nifanyeje?

Mkamwana, Tanga

---

Marahaba, mwanangu.

Nianze kwa kumtetea mama mkwe wako kidogo, kwa sababu anaposema amejaza kuku miaka yote bila mtu kuumwa, sidhani kama anatia chumvi. Kuku wa kilo moja na nusu ni mdogo. Joto la oveni halina safari ndefu kutoka ngozini hadi katikati ya wali, na mara nyingi kuku huyo amechinjwa siku ileile, hajawahi kuganda. Huyu anayekuja kwako ni mkubwa zaidi ya mara nne, kifua chake ni kinene, tumbo lake linameza sufuria nzima ya pilau, na anafika akiwa jiwe. Ujuzi wa mama ni wa kweli, ila ameupata kwa ndege mwingine. Ukiliona hivyo hutakuwa na haja ya kumwambia kwamba amekosea, maana hajakosea. Kwa bata mzinga wa friza, yeye na wewe wote ni wageni.

Pia mpango wake una mambo matatu, na barua yako imeyafunga katika furushi moja. Kuna kujaza, kuna kulaza mezani, na kuna kuchoma nusu. Hayana hatari sawa. Ukiyatenganisha, huenda ukaona kwamba unachohitaji kumkatalia ni kidogo kuliko unavyodhani.

Kulaza mezani ndiko kubaya zaidi. Bakteria wa nyama mbichi, hasa salmonela na kampilobakta ambao huwapata ndege hata wakiwa wazima, hawafi kwa limau wala kwa chumvi ya viungo. Na kati ya nyuzi joto 4 na 60 bakteria wa chakula huzaliana; wengine, hali ikiwapendeza, huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kanuni inayofuatwa ni kwamba nyama isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto la mahali likizidi nyuzi 32, isizidi saa moja. Jiko lako la Tanga unalijua mwenyewe. Ila kukolea si lazima kufanyike mezani. Tangawizi, kitunguu saumu, bizari na limau hukolea vizuri ndani ya friji, na mama anaweza kumpaka kwa mikono yake mwenyewe Jumamosi jioni, kisha ndege akarudi kwenye trei yake akafunikwa. Hapo hujamnyima kitu.

Kuchoma nusu na kumalizia baadaye ni jambo ambalo sina njia ya katikati ya kukupa. Moto wa nusu haumalizi bakteria, unawaachia vuguvugu wanalolipenda kwa saa kadhaa. Wengine huacha sumu ambayo moto wa pili hauiondoi. Wali nao una wadudu wake: mbegu za bakteria fulani hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu ndani ya tumbo la ndege zinaamka. Huyu ndege akiingia motoni, asitoke mpaka ameiva.

Sasa tuje kwenye kujaza kwenyewe, maana hapo ndipo pana mazungumzo.

Wali ulio tumboni ndio wa mwisho kupata moto, na ndio wa kwanza kupokea maji ya nyama mbichi yanayochuruzika ndani. Nyama ya paja inaweza kufika nyuzi 74, ambacho ndicho kipimo cha usalama kwa kuku na ndege wote wa kufugwa, huku katikati ya wali bado hapajafika. Ukimtoa wakati huo, unapakua nyama salama na pilau lisilo salama, tena lenye mayai na maini. Ukimwacha mpaka wali nao ufike 74, kifua kitakuwa kimepita kiasi na kitakauka. Haya ndiyo mapatano ambayo kila anayejaza bata mzinga anaingia, ajue asijue.

Inawezekana kujaza bila kuumiza mtu. Maini yanakaangwa yakaiva kabisa kwanza, pilau linapikwa asubuhi ileile, linaingizwa likiwa la moto na lenye unyevu, kwa ulegevu, bila kushindiliwa, na ndege anakwenda motoni papo hapo. Kisha unapima katikati ya wali kwa kipimajoto, na usipofika 74 ndege hatoki hata kama wageni wako barazani. Hatari ya njia hii ni muda. Huwezi kujua kwa yakini kama utaongeza nusu saa au saa nzima, na wakwe wapya wanasubiri.

Njia nyingine ni kupika pilau pembeni. Ndani ya ndege wa friza huwa kuna kifuko chenye shingo, firigisi na maini, pengine tumboni, pengine upande wa shingo chini ya ngozi. Tafuta kote kuwili, maana wengi huchoma ndege na kifuko chake humo. Chemsha shingo na firigisi upate supu, mama apike pilau lake kwa supu hiyo. Tumboni mwa ndege mnaweka kitunguu kilichokatwa, limau na vijiti vya mdalasini, kwa harufu tu, si vya kuliwa. Akishaiva na kutoka, pilau linatandazwa kwenye sinia, ndege anakaa juu, na mama mwenyewe anachota miiko michache ya pilau la moto na kumjaza mbele ya wageni. Machoni ni ndege aliyejazwa pilau. Hasara yake ni kwamba pilau halitakuwa limenywa mafuta ya ndege kutoka ndani, ingawa ukilimiminia rojo la kwenye trei utakaribia sana.

Ninalotaka ujiulize ni hili: je, mama mkwe anapigania wali ukae tumboni, au anapigania mkono wake uonekane mezani siku binti yake anapokutana na wakwe? Wewe umekaa naye, mimi sijakaa. Ukimkuta faragha, bila mume wako katikati, unaweza kumwambia, "Mama, huyu ndege ni mkubwa na mimi namwogopa. Pilau ni lako, mimi nishughulike na moto wake." Huenda akakubali. Huenda pia akasema anataka ajazwe kweli, na hapo utakuwa na ile njia ya kwanza, yenye kipimajoto na subira.

Sasa barafu. Nitakupigia hesabu kwa ndege wako, kwa sababu naona ratiba yako imebana kuliko ulivyodhani.

Ndani ya friji iliyo nyuzi 4 au chini, ndege aliyeganda huyeyuka takriban kilo 2 hadi 2 na robo kwa saa 24. Huo ni mwongozo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, nchi inayochoma ndege huyu kwa mamilioni kila Novemba. Kilo 6 na nusu zinahitaji siku tatu au zaidi kidogo. Shemeji akifika Alhamisi saa moja jioni, mpaka Jumapili saa 11 alfajiri umepata saa 58 tu. Utakuwa umeyeyusha kilo 5 na kitu. Sehemu iliyobaki na barafu itakuwa ndani kabisa, kwenye uti wa mgongo na kiungo cha paja, mahali ambapo ukigusa nje hujui.

Kwa hiyo mwambie shemeji aangalie kama anaweza kumtuma au kufika Jumatano. Ukimpata Jumatano jioni hesabu inatosha na ziada. Ila akimtuma peke yake kwa basi, kifurushi kinaweza kukaa stendi juani. Kama hakuna wa kukipokea dakika ileile, afadhali asubiri aje naye mwenyewe Alhamisi, ndani ya boksi la barafu, na wewe umalizie kwa maji.

Kumalizia kwa maji ni hivi. Jumapili saa 11 alfajiri unaingiza mkono tumboni. Ukikuta barafu, unamfunga kwenye mfuko usiovuja na kumzamisha kwenye beseni la maji baridi, ukibadilisha maji kila nusu saa. Kwa ndege mgumu mzima ni takriban saa moja kwa kila kilo, kwa hiyo wewe uliyebakiwa na kama kilo moja na nusu jipe saa moja na nusu. Sisi wa pwani tuna tatizo ambalo mwongozo haulifikirii: maji ya bomba au ya tangi hayana ubaridi wowote. Lazima uweke barafu. Gandisha chupa za maji tangu Ijumaa, au nunua barafu wanayotumia wavuvi, maadamu inabaki nje ya mfuko. Ndege aliyeyeyushwa kwa maji hupikwa papo hapo, harudi friji kungoja.

Friji yenyewe uipange mapema. Ndege akae rafu ya chini kabisa ndani ya trei yenye kingo, ili maji mekundu yasidondokee kachumbari wala matunda. Chupa za soda za wageni zitafutie boksi lingine, kwa sababu mlango ukifunguliwa kila dakika friji haifiki nyuzi 4. Umeme ukikatika usiufungue mlango kabisa. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kama saa nne.

Na kama Jumapili alfajiri utamkuta bado mgumu katikati na muda umekwisha? Usimwache mezani wala usimwagie maji ya moto. Unaweza kumchoma hivyohivyo, bila kumjaza. Ni salama, ila muda unaongezeka, na kwa aliye jiwe kabisa huongezeka hata nusu ya muda wote. Kifuko cha firigisi utakitoa kwa koleo akishalegea motoni.

Kuhusu kuosha, najua nyumba za Tanga: nyama isiyooshwa kwa limau ni aibu. Ukweli ni kwamba maji hayaondoi bakteria, yanawarusha kwenye sinki, kwenye vyombo na kwenye kachumbari iliyo jirani. Kumfuta kwa karatasi za jikoni kunatosha. Ikiwa mama hatakubali, basi aoshwe ndani ya beseni, chini, bila bomba kufunguliwa juu yake, vyakula vingine vikiwa mbali, na baadaye sinki, ubao na kisu vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Hapa mimi nisingeanzisha ugomvi.

Oveni iwe kama nyuzi 165, isishuke hapo. Ndege wako asiyejazwa atachukua karibu saa tatu na dakika 45 hadi saa nne. Aliyejazwa atafika saa nne na robo au kuzidi. Ukimwingiza saa moja na nusu asubuhi, anatoka saa tano na nusu, anapumzika dakika 20 hadi 30, na bado una saa nzima mkononi kabla ya saa saba. Saa hiyo usiigawe kwa mtu, ndiyo akiba yako ikiwa oveni ni mvivu. Ngozi ikianza kuwa nyeusi, mfunike kifua kwa foili.

Kuhusu kuiva, barua yako haikutaja kipimajoto cha nyama, na mimi nadhani hicho ndicho chenye uzito kuliko viungo vyote. Shemeji akinunue Dar, kile chenye mchi mwembamba wa chuma. Kile cha kupimia homa hakifai, kinaishia nyuzi 42 hivi. Kikifika, kijaribu: kwenye glasi ya barafu na maji kisome karibu na 0, na kwenye maji yanayotokota, kwa kuwa Tanga iko usawa wa bahari, kisome karibu na 100. Usiku wa Alhamisi kitumbukize kwenye glasi ya maji iliyolala ndani ya friji, ujue friji yako ni nyuzi ngapi kweli.

Jumapili, kuanzia saa nne na nusu asubuhi, choma mchi sehemu tatu: ndani ya paja karibu na kiungo cha mwili, kifua mahali palipo panene zaidi, na ndani ya kikwapa cha bawa. Usiguse mfupa, maana unaweza kukudanganya. Kote kusome 74 au zaidi, na kama amejazwa, katikati ya wali pia. Sehemu moja ikisoma 68, bado. Mrudishe, upime tena baada ya dakika 15. Mtu atakuambia uangalie maji yake yakitoka meupe, au mguu ukitikisika. Ishara hizo zinadanganya pande zote mbili. Nyama iliyofika 74 inaweza kubaki na wekundu karibu na mfupa na ikawa salama, na iliyo nyeupe kabisa inaweza kuwa haijafika.

Na usipopata kipimajoto? Hapo ningefikiria kumkatakata. Mapaja, mabawa na vipande vya kifua vinapikwa kwenye sufuria kwa tui au rojo, vinatokota mpaka ndani, na mambo ya kukisia yanapungua sana. Vipande pia humaliza kuyeyuka haraka. Hasara unaijua: hakuna ndege mzima wa kuwaonyesha wakwe, na shemeji atauliza alimbeba wa nini. Uzito wenyewe unakutosha kwa vyovyote, kwani watu hukadiria nusu kilo hadi gramu 700 kwa mtu pamoja na mifupa, na nyinyi ni 12, tena mna pilau.

Kilichobaki mezani kitolewe mifupa na kiingie friji ndani ya saa moja au mbili kwa kufuata lile joto, kwenye vyombo vifupi, si bakuli moja la kina. Kinadumu siku tatu hadi nne, na kinapashwa moto mpaka kichemke.

Kabla hujaenda kwa mama mkwe, fanya kitu kimoja leo. Pima urefu, upana na kimo cha ndani ya oveni yako, kisha mpigie shemeji apime ndege pamoja na trei. Oveni za majiko ya gesi ya nyumbani nyingine ni fupi, na ndege anahitaji nafasi pande zote hewa ya moto izunguke. Asipoenea, swali la kumjaza limejifuta lenyewe, na wewe na mama mtaketi kuzungumza ni nani anakata mapaja na nani anakuna nazi.

Shangazi